Majina ya tagi na mpangilio wa programu ya PLC: mwongozo kamili kwa kituo cha pampu

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye kituo cha kusukuma maji ambako pampu zote mbili zilikuwa zimesimama tangu usiku. Ndani ya paneli kulikuwa na PLC ya Siemens, S7-300, iliyokuwa inafanya kazi bila tatizo lolote. Faili la mradi ndilo halikupatikana. Waliojenga kituo walishaondoka, na laptopu ya fundi aliyekuwa nalo ilishakufa. Nikachomeka kebo, nikavuta programu kutoka kwenye CPU yenyewe, na kilichokuja kwenye skrini yangu ni hiki:

```
A   I  1.5
AN  M 10.3
A   M 12.0
=   Q  4.1
```

Kwenye familia ya S7-300 na S7-400, majina ya tagi na komenti hubaki kwenye faili la mradi. CPU hubeba anwani tu. Kwa hiyo niliona kwamba Q 4.1 haiwaki kwa sababu I 1.5 ni sifuri, lakini I 1.5 ni nini? Swichi ya tangi? Ovalodi ya mota? Kitufe cha dharura? Nilifuata waya mmoja baada ya mwingine kutoka kwenye kadi hadi kwenye vishikizo vya waya, kutoka hapo hadi kwenye kisanduku cha nje, na jioni nikafika kwenye waya wa swichi ya floti uliotafunwa na panya. Kuuunga kulichukua dakika tano. Kujua kwamba ni huo kulichukua siku nzima, na mji mzima haukuwa na maji.

Tangu siku hiyo naandika kila programu kana kwamba atakayeisoma hatanipata kwenye simu. Hapa nitaeleza ninavyofanya, kwa kutumia kituo kimoja kidogo cha mfano. Eneo la 10 ni visima. Eneo la 20 ni nyumba ya pampu, yenye tangi la chini na pampu mbili zinazopokezana. Eneo la 30 ni tangi la juu, mnarani. Ni kituo cha kawaida kabisa, na kina kila kosa ninalotaka tuliangalie.

Hatua ya kwanza: namba zianzie kwenye mtambo, si kwenye kompyuta

Kabla ya kufungua programu yoyote, kamata mchoro wa mabomba na vipimo, ukaone kama kila kifaa kina namba. Kama mchoro haupo, au hauna namba, tembea kituoni na daftari na uzitoe wewe mwenyewe. Kwenye kituo chetu nimeweka hivi: pampu ni P-201 na P-202, kipimo cha kina cha tangi la chini ni LT-203, cha presha kwenye bomba la kutolea ni PT-204, cha mtiririko ni FT-205, na swichi ya floti inayolinda pampu zisiendeshwe bila maji ni LSLL-206. Kule mnarani kuna LT-301.

P ya P-201 na P-202 ni ya pampu; herufi za vipimo na swichi sijazibuni. Zinatoka kwenye kiwango cha ISA-5.1, na wahandisi wa mitambo karibu kote duniani wanazifahamu. Herufi ya kwanza ni kitu kinachopimwa: L ni kimo cha maji, P ni presha, F ni mtiririko, T ni joto. Zinazofuata ni kazi ya kifaa: T ni kifaa kinachotuma kipimo kwa waya, S ni swichi. LL mwishoni ni chini kabisa, yaani chini zaidi ya kiwango cha kwanza cha tahadhari. Tarakimu ya kwanza ya namba ni eneo, kwa hiyo ukiona 2 unajua uelekee nyumba ya pampu.

Namba ni ya mahali, si ya mashine. Mota ya P-201 ikiungua na ikapelekwa kufungwa koili upya, halafu ikawekwa nyingine kwenye msingi uleule, hiyo mpya nayo ni P-201. Ile iliyotoka ina namba yake ya kiwandani, na habari zake huandikwa kwenye daftari la matengenezo. Nimeona kituo ambacho namba zilihama na mashine, na baada ya miaka minne kibati kilisema pampu ya pili, mlango wa paneli ukasema ya kwanza, na skrini ya mwendeshaji ikasema ya tatu.

Mwisho wa hatua hii, namba ileile iwe imeandikwa sehemu tano: kwenye kibati kilichofungwa kwenye kifaa, kwenye mchoro, kwenye lebo ya waya ndani ya paneli, kwenye tagi ya PLC, na kwenye skrini ya mwendeshaji. Kukiwa na moja inayotofautiana, rekebisha kabla ya kuandika mstari wowote wa programu.

Hatua ya pili: jina liende kutoka kikubwa hadi kidogo

Jina la tagi lijibu maswali mawili kwa mpangilio uleule kila mara: ni kifaa gani, na kinasema nini. Kwa hiyo naandika `P201_RunFb`, kamwe si `RunFb_P201`. Sababu utaiona siku ukifungua orodha ya tagi mia nane iliyopangwa kwa alfabeti. Kwa mpangilio wa kwanza, kila kitu cha P201 kinakaa pamoja, na ukiandika herufi nne tu programu inakuletea orodha yake yote. Kwa mpangilio wa pili, vitu vya pampu moja vimetawanyika kila kona.

Kistari cha kwenye mchoro, kama kwenye P-201, hakikubaliki ndani ya jina la tagi kwa sababu kompyuta itakisoma kama alama ya kutoa. Kiondoe, usikigeuze kuwa mstari wa chini, ili mstari wa chini ubaki na kazi moja ya kutenganisha kifaa na ishara yake. Kwa kanuni za IEC 61131-3, jina halianzi na tarakimu wala halina mistari miwili ya chini iliyofuatana, na herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa sawa. Kwenye vidhibiti vya Logix vya Rockwell kuna ukomo wa herufi 40. Ukifika huko, jina lako limekuwa sentensi.

Kinachofuata mstari wa chini kichaguliwe kutoka kwenye orodha fupi uliyoiandika mapema, na kila mtu wa mradi aishike hiyohiyo. Hii ndiyo ninayotumia:

```
Cmd   amri ya PLC kwenda kwenye kifaa
Fb    jibu linalorudi kutoka kwenye kifaa
Req   ombi la mwendeshaji kutoka kwenye skrini
Sp    kiwango kilichowekwa na mtu
Ok    1 = hali nzuri; 0 = tatizo au waya umekatika
Flt   1 = hitilafu imetokea na imeshikiliwa
Alm   1 = alamu inayoonekana kwa mwendeshaji
```

Tofauti ya `Cmd` na `Fb` ndiyo inayookoa muda mwingi zaidi. `P201_RunCmd` ni PLC inasema "waka". `P201_RunFb` ni kontakta inajibu "nimeshika". Kukiwa na tagi moja tu iitwayo `PUMP1_RUN`, anayesoma hajui kama anaona amri au jibu, na hitilafu nyingi za mota hujificha hapohapo katikati: amri imetoka, jibu halijarudi.

Swali la lugha huulizwa kila mara kwenye miradi yetu. Nimefungua programu ambazo majina yalikuwa Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, na nyingine za Kituruki, na aliyeziandika hakuwa amekosea kwa lugha yake. Msimamo wangu ni huu: majina yafuate vifupisho vya mchoro, kwa sababu lazima yafanane na kibati na lebo ya waya. Komenti ziandikwe kwa Kiswahili, kwa sababu anayefika kwenye paneli saa nane usiku ni fundi wa zamu, na ndiye anayepaswa kuelewa haraka. Kibaya ni kuchanganya, `P201_Imewaka` hapa na `P202_RunFb` pale.

Hatua ya tatu: jina liseme moja maana yake nini

Hapa ndipo nimeona hasara kubwa kuliko kwingine kote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

LSLL-206 ni swichi ya floti ndani ya tangi la chini. Kazi yake ni kusimamisha pampu maji yakiisha, kwa sababu sili ya pampu hupozwa na maji yenyewe, na ikizunguka kavu huharibika upesi. Swichi kama hii hufungwa waya kwa namna ambayo maji yakiwepo mkondo unapita, na yakiisha unakatika. Hufanywa hivyo makusudi: waya ukikatika, au fyuzi ya volti 24 ikifa, PLC itaona sifuri, itadhani maji yameisha, na itasimamisha pampu. Kusimama bure ni hasara ndogo kuliko kuunguza pampu.

Sasa, kwenye kituo kimoja tagi hiyo iliitwa `LOW_LEVEL`. Tangi lilikuwa limejaa, na kwenye skrini ya laptopu `LOW_LEVEL` ilikuwa inaonyesha 1. Fundi mmoja kijana, mtu makini kabisa, aliiona akaniita.

"Injinia, hii inasema maji yako chini na tangi limejaa. Tena pampu inaendelea kuzunguka. Si kuna kosa hapa?"

"Usiguse kitu, fundi. Chomoa kwanza waya wa floti pale kwenye kishikizo, uniambie inageuka kuwa ngapi."

"Imekuwa sifuri. Na pampu imesimama."

Programu ilikuwa sahihi na jina lilikuwa la uongo. Yeye aliuliza. Mwenzake wa kituo kingine, kilichojengwa kwa programu hiyohiyo, hakuuliza. Aliona kosa lilelile, akaongeza `NOT` ili mambo yaeleweke, akaondoka bila kuijaribu. Pampu zikakataa kuwaka maji yakiwepo, mtu wa zamu akaweka waya wa kuruka unaoipita PLC ili mji upate maji, na wiki chache baadaye tangi lilipokauka hakukuwa na kitu cha kuisimamisha pampu. Sili iliungua, na shafti ya pampu ikaliwa.

Jina sahihi ni `LSLL206_WaterOk`. Anayeona 1 anasoma "maji yapo", anayeona 0 anasoma "maji hayapo, au waya una shida". Hakuna cha kugeuza kichwani. Hivyohivyo kwa ovalodi: kontakti ya msaada ya NC ikipita kwenye PLC, iite `P201_OverloadOk`, usiiite `P201_Overload`. Kitufe cha dharura ni `P201_EStopOk`. Na kumbuka kwamba kitufe hicho hukata umeme wa kontakta kwa waya moja kwa moja, tagi ni ya kuijulisha programu tu.

Namna ya kuhakiki ni ileile niliyomwambia yule fundi. Siku ya kukabidhi, chomoa waya wa kila ishara ya ulinzi, mmoja mmoja, na uangalie tagi ikigeuka. Kila tagi yenye `Ok` lazima iende sifuri. Isiyokwenda, ama waya umefungwa kinyume ama jina si lake.

Vipimo vyenye namba vina maradhi yanayofanana na hayo, ila huko kinachokosekana ni kizio. `LT203_Level` ikionyesha 3.5, ni mita, ni asilimia au ni miliampea? Mwendeshaji anayetaka tangi lisimame kwenye mita 4 anaweza kuandika 80 akidhani ni asilimia, na tangi likamwagika usiku kucha. Nimezoea kuandika kizio mwisho wa jina: `LT203_Level_m`, `PT204_Press_bar`, `FT205_Flow_m3h`. Kwenye kadi za Siemens, ishara ya 4 hadi 20 mA huingia kama namba kutoka 0 hadi 27648, na kipimo chetu ni cha mita 0 hadi 5, kwa hiyo:

```
// 4 mA = 0 m (tangi tupu), 20 mA = 5 m
LT203_Level_m := INT_TO_REAL(LT203_Raw) / 27648.0 * 5.0;
```

Kuhakiki ni rahisi. Lisha 12 mA kwa kifaa cha kupimia. `LT203_Raw` itakuwa karibu 13824 na mita zitakuwa 2.5. Tagi mbili, moja `_Raw` na moja yenye kizio, na hakuna anayebaki akikisia hesabu imefanyika wapi.

Hatua ya nne: anwani za kadi zikae mahali pamoja

Programu nzima isiguse anwani ya kadi isipokuwa kwenye bloku mbili: moja ya kuingiza na moja ya kutoa. Ya kuingiza iko mwanzo kabisa wa mzunguko na inasoma kadi na kuweka thamani kwenye majina. Ya kutoa iko mwisho kabisa.

```
// Kadi ya 1, njia ya 5, kishikizo X1:12
LSLL206_WaterOk := DI_01_05;
```

Siku njia ya 5 ikiungua na radi, fundi anahamisha waya kwenda njia ya 11, anabadilisha mstari huu mmoja na komenti yake, na kazi imekwisha. Kama anwani ilikuwa imetumika sehemu kumi na nne ndani ya programu, atabadilisha kumi na tatu. Kwenye Logix kuna faida nyingine: ingizo huweza kubadilika katikati ya mzunguko, kwa hiyo kulinakili mara moja mwanzoni kunahakikisha programu yote inaona thamani ileile.

Namba ya kishikizo kwenye komenti, ile `X1:12`, usiiache. Ni daraja kati ya anayesoma skrini na anayeshika bisibisi, na mimi siku ile ningeipata hiyo tu ningemaliza kabla ya chai ya saa nne.

Hatua ya tano: pampu zote ziwe na umbo moja

P-201 na P-202 ni mapacha, basi na tagi zao ziwe mapacha. Tengeneza aina moja ya data, uiite `typePump`, yenye sehemu zote ambazo pampu inahitaji. Kisha tangaza `P201` na `P202` kuwa za aina hiyo. Mstari wa chini unakuwa nukta: `P201.RunCmd`, `P201.RunFb`, `P201.OverloadOk`. Anayejifunza moja amejua zote, na ukija kuongeza P-207 huandiki upya, unatangaza tu.

Ndani ya umbo hilo, weka mahali pamoja masharti yote ya kuwaka. Watu wengi huyatawanya, na hapo ndipo swali la "kwa nini pampu haiwaki" linakosa jibu.

```
P201.RunOk   := LSLL206_WaterOk AND P201.OverloadOk
                AND P201.EStopOk;
P201.StartOk := P201.RunOk AND NOT P201.RestartHold;
```

Angalia kwamba ziko mbili. `RunOk` ni masharti ya kuendelea kuzunguka. Yakivunjika pampu inasimama palepale. `StartOk` ni masharti ya kuanza tu, na yanaongeza subira baada ya kusimama. Ukiyaweka yote kwenye tagi moja, subira ya kuwaka itaizima pampu iliyokwisha kuwaka, na utapoteza nusu siku ukitafuta kontakta mbovu. Sharti mojamoja lionyeshwe pia kwenye skrini ya mwendeshaji kwa jina lilelile, ili mtu wa zamu aone mwenyewe lipi limekataa.

Tahadhari moja: usiligeuze umbo hili kuwa bloku la kila kitu, lenye vigezo sitini kwa ajili ya pampu, feni, vali na mikanda. Nimekutana nayo. Kila mradi hutumia robo yake, na msomaji hajui robo ipi. Pampu iwe na lake, vali lake.

Hatua ya sita: programu ifuate ramani ya kituo

Wengine hupanga programu kwa aina ya kazi, yaani taima zote bloku moja, alamu zote nyingine, mota zote nyingine. Kwa aliyeandika ni nadhifu. Kwa anayetafuta hitilafu ya nyumba ya pampu, ni kufungua bloku tano ili kuelewa kifaa kimoja. Mimi hupanga kwa eneo, na namba za mbele ni zilezile za mtambo:

```
Main
  00_Inputs
  10_Wells
  20_PumpHouse
  30_Tower
  90_Outputs
```

Haya ni majina ya folda. Bloku lenyewe lipe herufi mbele kama programu yako haikubali jina kuanza na tarakimu, mfano `A20_PumpHouse`. Andika `00`, si `0`, na uache nafasi kati ya namba, kwani siku moja litajengwa eneo la kutibu maji na utahitaji 15. Bloku la `Main` lisifanye kazi yoyote ila kuita mengine kwa mpangilio. Liwe kama ukurasa wa yaliyomo: mgeni akilifungua anaona kituo kizima kwa mtazamo mmoja.

Kanuni moja hapa haina mjadala kwangu. Kila tokeo liandikwe mahali pamoja tu. Kuna hitilafu moja maarufu: mstari wa programu unaonyesha kwamba `P201.RunCmd` ni 1, kila sharti ni la kijani, na kontakta haivuti. Fundi anabadilisha kadi, anabadilisha rilei, hakuna kinachosaidia. Kumbe mbele zaidi kuna mstari mwingine, ulioongezwa na mtu wakati wa majaribio, unaoandika tagi hiyohiyo na kuipa 0. PLC inapita mistari yote kwa zamu na thamani ya mwisho ndiyo inayobaki. Ili kuijua, bofya tagi kulia na ufungue `Cross Reference`, uhesabu sehemu inapoandikwa. Zikizidi moja, umeshapata mgonjwa wako.

Hatua ya saba: komenti ieleze sababu

Komenti inayosema "washa pampu ya kwanza" juu ya `P201.RunCmd := TRUE` haina kazi, jina limeshasema. Kinachopotea na miaka ni sababu, hasa sababu ya namba. Mtu atakuta sekunde 120, atauliza kwa nini zisiwe 30, atazipunguza, na atajifunza kwa kupasua bomba. Mwandikie:

```
// Isiwake tena kabla ya s 120 tangu isimame.
// Sababu: maji ya bomba la mnara hurudi nyuma. Kwa s 60
// PT204 ilifika bar 11 na gasketi ikapasuka; bomba ni PN10.
P201_RestartTmr(IN := NOT P201.RunFb, PT := T#120S);
P201.RestartHold := NOT P201_RestartTmr.Q;
```

Msomaji sasa anajua namba ilitoka wapi, mpaka wake ni upi, na lini anaruhusiwa kuibadilisha: siku bomba hilo likibadilishwa na la daraja la juu. Juu ya kila bloku naweka pia mistari mitatu au minne ya historia, tarehe na kilichobadilika na kwa nini. Kipande kilichozimwa kwa muda kiandikwe kimezimwa lini na kinasubiri nini. La sivyo, baada ya miaka mitatu hakuna atakayethubutu kukiwasha wala kukifuta.

Hatua ya nane: faili lenyewe

Majina mazuri ndani ya faili lililopotea ni sawa na S7-300 yangu ya siku ile. S7-1200 na S7-1500 hubeba majina na komenti ndani ya CPU, na Logix hubeba majina ya tagi, lakini usiache usalama wa mradi kwa hilo. Faili lipewe jina lenye kituo, kidhibiti, tarehe na toleo, kwa mfano `KP02_PLC1_2024-06-14_v07`. Tarehe ikianza na mwaka, mafaili hujipanga yenyewe kwa wakati. Majina kama `mpya_final_2` yafutwe siku hiyohiyo.

Pembeni yake weka faili dogo la maandishi lenye toleo la programu uliyotumia na toleo la mfumo wa ndani wa kidhibiti. Mradi wa TIA Portal ukifunguliwa na toleo jipya hupandishwa, na toleo la zamani haliwezi tena kuufungua, kwa hiyo mtu ahifadhi nakala kabla ya kujaribu. Nakala moja ibaki kwa mwenye kituo, moja ofisini kwako, na moja kwenye fleshi ndani ya mfuko wa mlango wa paneli pamoja na karatasi ya orodha ya tagi za kuingiza na kutoa. Karatasi hiyo ichapishwe, kwani fleshi huchukuliwa na karatasi hubaki.

Ukirithi mradi wenye majina mabovu

Usibadilishe yote kwa usiku mmoja. Skrini na mfumo wa SKADA wa nje mara nyingi husoma PLC kwa jina la tagi; ukigeuza `PUMP1_RUN` kuwa `P201_RunFb` bila kugusa upande wa pili, mwendeshaji atabaki na namba zilizoganda au nafasi tupu, na huenda asitambue mpaka tangi limwagike. Uliza kwanza nani mwingine anasoma tagi hizi. Kisha anza na komenti, kwa sababu hazivunji kitu. Zifuate ishara za ulinzi, zile za hatua ya tatu, na kila moja ihakikiwe kwa kuchomoa waya. Baada ya hapo endelea na eneo moja kwa kila safari ya matengenezo, huku jedwali la jina la zamani na jipya likikaa ndani ya mfuko wa mlango.

Kupima kama kazi imetosha, mimi huchukua mwenzangu ambaye hajawahi kufika kituoni hapo. Nachomoa waya mmoja bila yeye kuona, nampa laptopu, namwambia P-201 haiwaki. Akifungua `20_PumpHouse`, akaenda kwenye `P201.StartOk`, akaona `LSLL206_WaterOk` ni 0, akasoma `X1:12` na kunyoosha mkono kwenye kishikizo chenyewe ndani ya dakika kumi, natia sahihi. Akinigeukia kuniuliza chochote, naandika swali lake, na jibu lake linaingia kwenye programu kabla sijaondoka.